Sauti Yangu Ilisema Poza

Nikianza habari hii na mkono wa mama, watu hulainika na kunipa pole, na pole zenyewe nimezichoka. Kwa hiyo naanza na shoga yangu. Yeye ndiye habari yenyewe, mkono ulifuata tu.

Alikuwa na duka la dawa jirani na kijiwe cha bodaboda, katika mji wetu mdogo wa wachimbaji, upande wa Rwamgasa. Mimi nilikuwa muuguzi wa kituo cha afya hapo hapo. Wote wawili tulikuwa wageni. Yeye alitoka Kigoma, mimi Isaka, na katika mji ambao nusu ya watu wanaamka leo wakiwa hapa na kesho wamesikia dhahabu imetoka kwingine, mtu akikuzoea unamshika. Baba alipofariki shoga yangu alifunga duka, akapanda basi pamoja nami mpaka Isaka, akapika msibani kuliko shangazi zangu wa damu. Mama alimpenda tangu siku hiyo. Alikuwa akimwita "mwanangu wa ziwa lingine", kwa sababu ya Tanganyika, na kila nilipopiga simu alimwulizia kabla hajaniulizia mimi. Nilikuwa naona wivu kidogo, lakini wivu wa kuchekea.

Pale kituoni majeraha ya moto yalikuwa kazi ya kila wiki. Watu wa nje wakisikia mgodi wanadhani tunapokea waliofukiwa na kifusi tu. Hao wapo, lakini wanaokuja zaidi ni wa jikoni: mama lishe aliyemwagikiwa na mafuta ya maandazi, mtoto aliyevuta sufuria ya uji, mchimbaji aliyeanguka na jiko la mkaa akirudi kilabuni. Mengi yalikuwa ni mambo madogo ambayo yangeishia nyumbani. Yanakuja kwetu yamekuwa makubwa kwa sababu ya vilivyopakwa juu yake. Nimewahi kuosha dawa ya meno, ute wa yai, asali, unga wa muhogo, majivu, na siku moja mafuta ya breki. Aliyepaka mafuta ya breki alikuwa fundi pikipiki, na alishangaa sana nilipomgombeza. Alisema ndiyo mafuta ya bei kuliko yote aliyokuwa nayo.

Mimi nina hasira za karibu. Nilikuwa naosha huku nasema, na siku moja shoga yangu, aliyekuwa ameleta glovu kituoni, akanisikia. Akasema maneno yangu yanaishia kwenye masikio ya mtu mmoja ambaye tayari ameshaungua. Kwa nini tusiyarekodi? Yeye alikuwa na simu nzuri na alikuwa kwenye magrupu ya kila namna: ya akina mama wa vikoba, ya kwaya, ya wenye mitambo ya kusaga mawe, ya watu wa Kigoma. Nilisema mimi sura yangu si ya video. Akajibu sauti yangu inatosha, kwa kuwa mtu akisikia nikigomba anaona kabisa kuwa sina utani.

Basi tukakaa kutunga. Yeye ndiye aliyekuwa na akili ya kufupisha, na hilo siwezi kumnyang'anya. Mimi nilikuja na karatasi imejaa, akaisoma huku anacheka. Akaniuliza mtu aliyeungua anasikia maneno mangapi. Mtoto analia, sufuria imepinduka, jirani ameingia na ushauri wake. Mtu huyo hakumbuki mafundisho, anakumbuka neno. Tukakubaliana yawe maneno manne, kila neno tendo moja, na kwa kila neno picha moja.

Ya kwanza tuliyoyarekodi yalikuwa haya: Poza. Vua. Funika. Nenda. Yana mwendo mzuri, ukiyasema haraka hata mtoto anayaimba. Niliyasema mbele ya simu yake nikiwa na koti langu jeupe, kwa ile sauti ya kugomba aliyoitaka. Tukaona tumemaliza, tukanywa soda.

Kabla ya kuituma nilitaka kuijaribu. Tulikwenda kwa mama lishe tuliyekuwa tunakula kwake mchana, pale nyuma ya mitambo ya kusaga mawe, tukaicheza mbele yake na wasaidizi wake na wateja waliokuwa wakisubiri wali. Halafu nikawauliza: ukiungua, unafanya nini? Wote wakajibu, poza. Nikafurahi. Nikauliza, unapoza kwa kitu gani? Hapo ndipo furaha yangu ilipokatika. Mmoja akasema dawa ya meno, ile yenye mnanaa, inapoza kweli. Mwingine akasema yai, maana hukaa kwenye kivuli linakuwa baridi. Mama lishe mwenyewe akasema marhamu ya kuchua, ukiipaka unasikia ubaridi mpaka kwenye mfupa. Picha ilikuwa inaonyesha maji wazi kabisa, na hakuna aliyeyaona. Walikuwa wamesikia neno, na neno lilikuwa na maana yake tayari. Katika midomo yetu dawa inapoza, ganga ganga inapoza, hata maneno mazuri yanapoza. Poza si lazima iwe maji.

Nilirudi nikiwa nimepoa mwenyewe. Shoga yangu alitetea lile neno, alisema linapendeza. Nikamwambia urembo abaki nao dukani. Nilimweleza alichokuwa anakijua vizuri kama mimi, kwamba ubaridi wa mnanaa ni wa kudanganya ngozi tu, joto bado liko ndani linaendelea kupika, na yale mafuta yanalifungia humo pamoja na uchafu. Kinachotoa joto ni maji ya kawaida yasiyo ya moto, yanayotiririka, kwa dakika ishirini. Barafu hapana, nayo inaunguza kwa namna yake. Alikubali. Nakumbuka alivyokubali: alinyanyua mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, akasema, "Haya dada, neno la kwanza ni maji, na wewe ndiye mwenye maji."

Likaja suala la maji yenyewe. Mji wetu maji ni ya kununua, yanaletwa kwa madumu kwenye mkokoteni, na kumwambia mtu amwage kwa dakika ishirini ni kumwambia amwage chakula cha jioni. Hapo mama lishe ndiye aliyetusaidia. Alisema wao wakinawisha wateja hukinga. Basi kwenye video ya pili tulimpiga picha yeye akiwa ameweka mkono wake juu ya beseni safi, msaidizi anamwagia kwa jagi taratibu, maji yanadondokea kwenye beseni, anachota humo humo anamwagia tena, na yakianza kuwa vuguvugu anabadilisha. Dumu moja lilitosha na likabaki. Na kwa kuwa saa hazipo jikoni, tulisema dakika ishirini ni nyimbo tano za redioni. Watu walipenda sana hizo nyimbo tano.

Maneno yakawa: Maji. Vua. Funika. Nenda. Maji, kama nilivyosema. Vua pete, bangili, saa na nguo iliyo karibu, mapema kabla hapajavimba, ila nguo iliyogandia kwenye ngozi uiache. Funika kwa kitambaa safi kisicho na manyoya, au mkono uuingize ndani ya mfuko safi wa plastiki, bila kukaza na bila kutumbua malengelenge. Nenda kituoni kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, au liko usoni, mkononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo, au aliyeungua ni mtoto mdogo au mzee. Mwishoni nilikuwa nasema kwa ukali: usipake kitu. Chochote. Hata ulichopewa na mama mkwe.

Iliruka vizuri. Ndani ya wiki chache nilianza kupokea watu waliokuja na mikono kwenye mifuko ya plastiki, na ngozi safi chini yake. Mchimbaji mmoja alikuja akiimba maneno manne tangu getini. Nilijisikia mtu. Nilimwambia shoga yangu tumefanya kitu, naye akasema, kweli tumefanya.

Ile video ya kwanza, ya Poza, nilimwambia aifute. Alisema ameifuta.

Mwaka uliofuata, kipindi cha kuvuna mpunga, jirani wa mama alinipigia simu kutoka Isaka. Aliniambia nisishtuke, mama ana kidonda mkononi, tena amekataa kwenda hospitali, ila jana usiku hakulala. Nilimwuliza kidonda cha nini. Akasema cha uji, cha siku nyingi kidogo. Nikamwomba ampe mama simu, nikauliza kwa nini hakunipigia. Mama akanijibu kwa utulivu, kama mtu anayejibu swali la kijinga.

"Nikupigie nini, mwanangu, na wewe ndiye umenitibu?"

Sikuelewa. Nilidhani homa inamchanganya. Nilipanda basi la asubuhi kwenda Kahama na kutoka pale nikachukua gari la Isaka, njia nzima najiuliza nilimtibu lini.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa cha kanga. Shikamoo yangu aliipokea akicheka, akasema sasa daktari amekuja kuangalia kazi yake. Nilifungua kitambaa. Harufu ilitangulia. Nyuma ya kiganja na kwenye vidole viwili palikuwa pamefunikwa na marhamu ya kijani iliyochanganyika na usaha, na kidole cha pete kilikuwa kimevimba mpaka pete ya ndoa haionekani, imezama kwenye nyama. Ncha yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Mimi kazi yangu ni kutazama vidonda bila kubadilisha uso, na siku hiyo nilishindwa.

Nilimwuliza nani kampa hii marhamu. Akaingia ndani, akarudi na kikopo kidogo chenye kifuniko cha dhahabu. Alikuwa amekinunua kabla hata hajaungua, kwa wale wauzaji wanaotembea na spika gulioni, kwa sababu jirani alimwonyesha kwenye simu kwamba ni dawa yangu. Alimwita jirani alete simu ili nione. Nikaiona video.

Nilikuwa mimi, na koti langu jeupe, ukutani nyuma yangu ile kalenda ya duka la shoga yangu. Nilikuwa nagomba. "Ukiungua usihangaike," nasema, "fanya hili la kwanza. Poza." Na hapo hapo, mahali ambapo palikuwa na maji, kikaja kikopo chenye kifuniko cha dhahabu, kinazunguka chenyewe huku muziki unalia, na sauti ya mwanamume ikisema poza na marhamu hii, imethibitishwa na wauguzi. Vua haikuwepo. Funika haikuwepo. Nenda haikuwepo. Video yote haikufika hata nusu ya wimbo mmoja.

"Nilipoungua tu nikasikia sauti yako kichwani," mama alisema. "Nikapoza vile vile kama ulivyosema. Na kweli ilipoa."

Maji yalikuwa kwenye mtungi karibu na mlango. Ningeweza kuunyoosha mguu nikaugusa.

Hospitali ya wilaya walimpokea vizuri, sina la kuwalaumu. Waliikata pete kwa kijisumeno chao, mama amegeuza uso ukutani, na mimi nimemshika bega. Hakulia kwa maumivu, alilia kwa pete. Walimwosha, wakampa dawa, wakamfunga kila kidole peke yake. Daktari aliniuliza kwa upole mgonjwa alichelewa kwa nini, na pete iliachwaje, na mimi nikiwa nimejitambulisha kuwa muuguzi nilitamani sakafu inimeze. Nikasema alikuwa anatumia dawa ya kununua. Sikusema inauzwa kwa sauti ya nani.

Kilichonitia hofu kilikuwa vidole. Mama yangu alikuwa mpepetaji wa mchele pale kwenye mashine ya kukoboa, na si mpepetaji wa kawaida. Kulikuwa na wafanyabiashara waliokuwa wakisubiri zamu yake hata kama wengine hawana kazi, kwa sababu ungo wake ulikuwa hauachi chuya. Ungo unashikwa kwa mikono miwili, vidole vinazunguka ukingo na kuubana, ndipo unarusha na kupokea. Daktari alisema kidole kitabaki, hakitakatwa, ila kukunja ni suala jingine, tungojee. Tukangoja. Nilimkandakanda na kumkunjisha kila asubuhi mpaka likizo yangu ikaisha, na kila asubuhi kidole cha pete na cha kati viliishia pale pale, vimenyooka nusu, havitaki kushuka.

Nilirudi Rwamgasa na kwenda moja kwa moja dukani, sikupitia hata nyumbani kuweka mkoba. Vikopo vilikuwa vimepangwa rafu ya mbele, usawa wa macho, vifuniko vinang'aa. Shoga yangu aliponiona alitoka nyuma ya kaunta kunikumbatia na kuuliza hali ya mama. Alikuwa amepata habari kwamba mama anaumwa, hakujua anaumwa nini. Aliniwekea kiti, akaanza kunimiminia chai.

Nilimwambia mama anaumwa marhamu. Nikamsimulia kuanzia maji yaliyokatwa kwenye video mpaka kijisumeno. Nilikuwa naongea polepole kuliko kawaida yangu, na hilo lilimtisha kuliko kama ningepiga kelele.

Mwanzo alisema hajui. Halafu akasema wakala wa marhamu aliomba tu kuiona ile video, akaichukua mwenyewe. Nikamwuliza ameichukuaje kitu kilichofutwa. Halafu akaja na ile ambayo bado nikiikumbuka shingo inapata moto. Alisema, "Lakini dada, sauti si ni yako? Nani alisema poza, mimi?"

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Kwa hilo sikujiandaa. Alikuwa amekaa nami kwa mama lishe, akasikia kwa masikio yake yai na dawa ya meno na marhamu ya kuchua. Alijua neno lile linasikika vipi. Wakala hakumdanganya, yeye ndiye aliyempelekea wakala neno ambalo lingemwuzia, kwa kuwa alijua lingeuza. Akanieleza kwamba duka lilikuwa limekaa vibaya, wachimbaji wamehamia machimbo mapya, na wakala alimwahidi kuwa yeye peke yake ndiye atakayeuza marhamu ile mji mzima. Alisema hakufikiri kama itafika Isaka. Nadhani hapo alikuwa anasema kweli, na ndipo niliposikia uchungu zaidi, kwa sababu maana yake ni kwamba ikiwafikia mama za watu wengine ilikuwa sawa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na siku zote nilidhani wanamsema kunguni.

Aliponisogezea kikombe, mkono wa gauni ulipanda. Juu kidogo ya kifundo cha mkono alikuwa na alama ndefu, nyembamba, ya waridi, inayokaribia kupotea. Nimeona mikono mingi mno, siwezi kukosea. Ilikuwa alama ya ukingo wa sufuria, ya wiki chache nyuma, na ilikuwa imepona vizuri kabisa, haina kovu wala makunyanzi. Nikamshika mkono kwa upole, kama ninavyomshika mgonjwa.

"Hapa ulipaka nini?"

Alijibu kabla hajafikiri. "Sikupaka. Nilimwagia maji."

Rafu ya vikopo ilikuwa nyuma ya kichwa chake. Aliona ninakotazama, akageuka naye akatazama, kisha akaanza kulia. Nikamwachia mkono. Aliniomba nikae tuongee, akasema tutarekodi nyingine, ataituma magrupu yote, ataomba radhi kwa mama kwa magoti. Chai sikuinywa. Nilimwambia mama anamwulizia kila siku, mwanaye wa ziwa lingine, na kwamba sitamwambia mama ni nani, si kwa kumwonea huruma yeye, bali kwa sababu mama amepoteza vya kutosha. Nikaondoka, na duka lile sikuingia tena mpaka alipohama.

Watu wananiuliza kama nimesamehe. Sijasamehe. Wanaosema kusamehe kunampumzisha aliyekosewa labda walikosewa na watu wasiowapenda.

Video haifutiki. Nililalamika kwa wakubwa wangu, wakaandika barua, wauzaji wa spika wakapungua gulioni, lakini simu za watu ni kama mashimo yetu, kilichoingia humo kinaweza kutokea upande usioujua. Nimeletewa sauti yangu na mtu wa Buzwagi aliyedhani nitafurahi. Wagonjwa walianza kunitazama kwa namna nyingine. Mwanamke mmoja nilimwambia asipake kitu, akaniuliza kama mwaka huu dawa imebadilika.

Nilirekodi upya, na muuguzi mwenzangu ndiye aliyeshika simu. Safari hii nilianza na kikopo chenyewe mkononi, nikasema sauti mliyoisikia ilikatwa, neno la kwanza ni maji, na nikayarudia yote manne bila kuvuta pumzi katikati ili mtu asipate pa kukata. Nikaituma kwa jirani wa mama kabla ya kumtumia mtu mwingine yeyote, nikamwomba amwonyeshe.

Jioni nilimpigia mama simu. Nikauliza, "Mayu, umeiona?"

Akasema jirani alileta simu na yeye akamrudisha nayo. Hataki kunisikia humo. Kama nina neno, niende nikaliseme kwa mdomo wangu, yeye akiwa ananiona.

Nilikwenda, nilipopata ruhusa. Nilimkuta amekaa mlangoni na ungo mapajani, anachagua mchele wa chakula chake mwenyewe, punje kwa punje, kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto umeuegemea ukingo tu. Mashineni alikuwa hajarudi na hakuwa amesema kama atarudi. Nilimwamkia, nikakaa chini mbele yake, nikamwambia: maji, vua, funika, nenda. Nikaeleza kila moja, nyimbo tano na beseni na pete. Alikuwa ananitazama mdomo wakati wote, kama watu wanavyomtazama mfanyabiashara anayepima kwa kipimo chake.

Nilipomaliza aliniuliza kama maneno hayo ni yangu au nimetumwa. Nikasema ni yangu, mayu. Akaitikia kwa kichwa, hakubisha. Kisha akageukia upande wa ua, akamwita jirani aje naye akae asikilize.

"Sema tena," akaniambia. "Awepo na shahidi."